Rejesho limenishinda, niiandikieje benki?

Swali

Shikamoo dada. Nina mashine ya kukoboa na kusaga mahindi hapa Kilosa. Mei mwaka jana nilichukua mkopo benki, milioni 12 kwa miezi 24, riba asilimia 2 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Rejesho ni Sh 634,500 kila tarehe 28. Marejesho kumi nimelipa bila kuchelewa. Januari shule ya bweni iliyokuwa ikinipa kazi ya karibu laki tisa kwa mwezi ikanunua mashine yake. Februari mota ikaungua, kuisuka upya na vipuri vikanila 1,350,000. Rejesho la Februari na la Machi nililipa kwa kuuza pikipiki. Aprili nikaweza laki nne tu, Mei laki tatu. Sasa faini inahesabu na afisa mikopo anapiga simu kila siku.

Niliandika barua kuomba wanifikirie kutokana na hali ngumu ya biashara. Afisa akaniambia barua kama ile haiwezi kupeleka popote. Jirani ananishauri nichukue kausha damu nizibe pengo halafu nijipange. Wadhamini wangu ni kaka yangu na rafiki, na dhamana ni nyumba ninayoishi na familia. Nimekutumia daftari la mashine, stetimenti na meseji za LUKU. Niandike nini?

*Mwenye mashine, Kilosa*

Jibu

Marahaba ndugu yangu. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa ile meza, na afisa wako hakukudharau. Amekwambia jinsi mambo yalivyo. Yeye hana mamlaka ya kukubadilishia rejesho. Kazi yake ni kuchukua barua yako, kuandika maelezo yake juu yake na kuipeleka kwenye kamati ya mikopo, ambako watakaa watu wasiokujua wala kuijua mashine yako. Kwenye kikao hicho "hali ngumu ya biashara" imeandikwa katika kila faili lililo mezani. Wanachotafuta ni kitu kimoja: biashara hii leo inaweza kubeba rejesho la shilingi ngapi, na ushahidi uko wapi?

Kabla ya kufika kwenye kiasi, tuanze na sababu. Wewe umezitaja mbili kwa pumzi moja, lakini kwa benki kila moja ina dawa yake. Mota iliungua, ikatengenezwa, imekwisha. Kama ingekuwa hiyo peke yake, ungeomba nafuu ya miezi miwili mitatu kisha urudi kwenye rejesho lako la zamani. Shule ni jambo jingine. Imenunua mashine, hairudi. Kipato chako kimeshuka na kitabaki hapo mpaka upate mteja mwingine wa ukubwa ule. Kwa hiyo unachohitaji ni muda mrefu zaidi wa kulipa, na rejesho dogo linalolingana na biashara ya sasa.

Nasema hivyo kwa sababu najua utakachopewa kwanza. Watakwambia, "Lipa riba tu kwa miezi mitatu." Itakuvutia sana, maana asilimia 2 ya salio lako la sasa, Sh 7,283,000, ni kama Sh 145,700 tu kwa mwezi. Ila mkopo wako umebakiwa na miezi 12. Ukikaa miezi mitatu bila kugusa deni lenyewe, na tarehe ya mwisho isisogezwe, salio lote linabanwa kwenye miezi tisa, na rejesho linapanda hadi karibu Sh 892,300. Leo 634,500 imekushinda. Usisaini nafuu yoyote kabla hujaona kwa maandishi rejesho litakuwa kiasi gani siku nafuu hiyo itakapoisha.

Sasa hesabu yako. Nimejumlisha daftari lako la Machi, Aprili na Mei: 1,790,000, kisha 1,940,000, kisha 2,060,000. Wastani ni 1,930,000. Najua mkono utakuwasha uandike ya Mei kwa kuwa inapanda. Tumia wastani. Mei inaweza kuwa nzuri kwa sababu ambayo Agosti haitakuwepo, na rejesho utakalokubaliwa litadaiwa mwezi mzuri na mwezi mbaya. Ndani ya mapato hayo hakikisha pumba imo, maana wenye mashine wengi huandika kusaga na kukoboa, halafu hela ya pumba inaishia mfukoni bila kuandikwa.

Matumizi: umeme 610,000, kijana wa mashine 260,000, vipuri kama chekeche, mikanda na grisi 130,000, pango 120,000. Jumla 1,120,000. Inabaki 810,000. Chakula, ada na matibabu ya nyumbani umeniandikia 390,000, na usiipunguze hata kidogo ili uonekane mzuri, kwa sababu hata afisa mwenyewe anajua familia ya watu sita inakula nini. Inabaki 420,000.

Hiyo 420,000 siyo rejesho. Ni dari. Mkanda ukikatika au kazi ikilala wiki moja, pengo linatoka hapo hapo, kwa hiyo ukiomba rejesho la laki nne na ishirini utarudi kwenye kiti hiki baada ya miezi miwili, na mara ya pili kamati husikiliza kwa sikio moja. Mimi naweka 350,000 kuwa mwisho wa uwezo wako. Ukishakuwa na kiasi hicho, muda wa mkopo unajitafuta wenyewe. Mtu yeyote mwenye Excel anaweza kukufanyia:

```
=NPER(0.02,-350000,7283000)
=PMT(0.02,28,-7283000)
```

Ya kwanza inakupa miezi 27 na kidogo, basi tunaomba 28. Ya pili inakupa rejesho la miezi 28: Sh 342,226, tuseme 342,300. (Hesabu hii ni ya salio linalopungua, kama mkataba wako ulivyo. Mwenye riba ya flati asiitumie, kwake riba hupigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo.)

Ujue pia unanunua nini. Kama ungelipa ratiba ya zamani pamoja na malimbikizo, kuanzia leo zingekutoka kama Sh 8,183,000. Kwa miezi 28 zitakutoka karibu Sh 9,584,000. Tofauti ni kama milioni moja na laki nne, na ndiyo bei ya kupumua. Kamati ikisema 28 ni mingi, inaweza kukupa 24, ambapo rejesho litakuwa kama Sh 385,100. Kwa dari yako ya 420,000 inabaki 35,000 ya dharura. Inabana lakini inawezekana, ila chini ya miezi 24 kataa.

Ushahidi ndio umenifurahisha, kwa sababu unao mkononi na hukuuona. Daftari la mashine benki huliangalia kwa jicho moja, kwani daftari linaweza kuandikwa usiku mmoja. LUKU haiandikwi usiku mmoja. Mwaka jana, ulipokuwa ukiingiza wastani wa 2,900,000, ulinunua umeme wa kama 920,000 kwa mwezi. Sasa unaingiza 1,930,000 na unanunua wa 610,000. Gawanya: mara zote mbili umeme ni karibu shilingi 32 katika kila 100 uliyoingiza. Maana yake mashine inazunguka kidogo kwa kadiri ileile mapato yalivyoshuka, na hakuna pesa unayoificha. Mchambuzi wa mikopo akiona uwiano huo, daftari lako linaaminika. Toa orodha ya manunuzi ya LUKU kwenye stetimenti ya simu, miezi sita ya mwaka jana na mitatu ya sasa, uandike jumla ya kila mwezi pembeni. Kama kuna mwezi ulinunua kwa fedha taslimu dukani, tafuta risiti yake, la sivyo uwiano utaonekana umeruka bila sababu.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Hii hapa ya kwako, jaza majina na namba:

> Meneja wa Tawi,
> (jina la benki na tawi)
>
> YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO NAMBA ……
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkopaji wenu wa Sh 12,000,000 kwa miezi 24 tangu Mei mwaka jana, kwa biashara ya kukoboa na kusaga nafaka Kilosa. Marejesho kumi ya kwanza, Sh 634,500 kila moja, nililipa kamili na kwa wakati. Aprili nililipa Sh 400,000 na Mei Sh 300,000. Malimbikizo ni Sh 569,000, na salio la mkopo kwa taarifa yenu ni Sh 7,283,000, mbali na faini ya Sh 46,000.
>
> Mapato yameshuka kwa sababu mbili. Januari mteja wangu mkubwa, shule ya bweni, alinunua mashine yake. Kazi hiyo ilikuwa karibu Sh 900,000 kwa mwezi na sitarajii irudi. Februari mota iliungua na matengenezo yaligharimu Sh 1,350,000. Mashine sasa inafanya kazi kikamilifu. Marejesho ya Februari na Machi niliyalipa kwa kuuza pikipiki yangu.
>
> Kwa wastani wa Machi, Aprili na Mei, mapato ni Sh 1,930,000 kwa mwezi. Gharama za biashara ni Sh 1,120,000 (umeme 610,000, mshahara 260,000, vipuri 130,000, pango 120,000) na matumizi ya familia ni Sh 390,000. Kinachobaki ni Sh 420,000.
>
> Kwa hiyo naomba: (1) salio la Sh 7,283,000, likiwa na malimbikizo ndani yake, lipangwe upya kwa miezi 28 kwa riba ileile, rejesho likiwa takriban Sh 342,300 kila tarehe 28, (2) faini ya Sh 46,000 isamehewe, na isiendelee kuhesabiwa wakati ombi hili likishughulikiwa. Nikisubiri majibu, nitalipa Sh 350,000 tarehe 28 Juni.
>
> Mke wangu na wadhamini wangu wote wawili wanafahamu ombi hili na wako tayari kusaini. Nakaribisha afisa wenu aje kukagua mashine siku yoyote ya kazi.
>
> Viambatisho: nakala ya daftari la mapato, orodha ya manunuzi ya LUKU, stetimenti ya simu na ya benki, risiti za fundi wa mota, mkataba wa pango.
>
> (Jina, sahihi, simu, tarehe)

Kuna sentensi mbili humo watu huzikwepa, na nimeziweka makusudi. Ile ya pikipiki inaonyesha kwamba Februari na Machi hazikulipwa na mashine. Ukiificha, mchambuzi ataona mwezi wa mapato madogo umelipa rejesho kamili, na atauliza kwa nini mwezi unaofanana na huo leo usilipe. Ile ya mke na wadhamini nayo siyo adabu tu. Mke lazima akubali kwa kuwa dhamana ni nyumba ya familia. Wadhamini nao walidhamini miezi 24, na sheria ya mikataba ya Tanzania inaweza kumtoa mdhamini kwenye wajibu wake masharti yakibadilishwa bila ridhaa yake. Ndiyo maana benki haitamaliza jambo hili bila sahihi ya kaka yako. Mwambie leo, asije akapata habari kwa simu ya benki.

Salio usilinakili kutoka kwangu. Siku ya kupeleka barua omba taarifa ya mkopo mpya, na kama tarakimu imebadilika badilisha na rejesho. Muulize afisa swali moja lingine: mkopo wangu unasoma siku ngapi za ucheleweshaji? Benki nyingi, pesa ikiingia, huanza kufuta deni la zamani zaidi. Laki tatu zako za Mei zilimaliza kwanza pengo la Aprili, 234,500, na zilizobaki 65,500 zikaingia kwenye rejesho la Mei. Kama mkataba wako uko hivyo, siku zinahesabiwa tangu 28 Mei, siyo tangu 28 Aprili. Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mkopo wa benki ukipita siku 90 huingia kwenye mikopo chechefu, benki hulazimika kutenga fedha za kufidia hasara, na faili lako mara nyingi huondoka kwa afisa wako na kwenda kwa watu wa ukusanyaji, ambao lugha yao ni dhamana. Siku 90 tangu 28 Mei zinaishia 26 Agosti. Ukilipa hizo 350,000 tarehe 28 Juni na tena Julai, hesabu ya siku inarudi nyuma, ingawa malimbikizo yenyewe yanaongezeka. Unaiweka kamati kwenye meza ya mazungumzo, na wakati huohuo unawaonyesha rejesho jipya likilipwa kabla hata hawajalikubali.

Kuhusu kausha damu, hapana. Pengo ni 569,000, lakini mwezi unaofuata 634,500 itadaiwa tena na kausha damu itakuwa pembeni ikidai yake. Tena ukizibia pengo kwa pesa ya nje, stetimenti itaonyesha biashara inalipa bila shida, na ombi lako litakosa miguu.

Barua ipeleke mwenyewe, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Omba tarehe ya kikao cha kamati. Wakija kukagua, mashine iwe inafanya kazi na daftari liwe pale pale dukani, siyo nyumbani. Wakikubali, kitakacholetwa kiwe nyongeza ya mkataba uliopo pamoja na ratiba mpya ya marejesho. Wakikuletea mkopo mpya wa kufuta wa zamani, hesabu ada: ya kuandaa mkopo, ya bima kwa miezi iliyoongezeka, ya mthamini wa nyumba kama watataka tathmini mpya. Nimewahi kuona ada zikijazwa ndani ya salio kimya kimya, rejesho likatoka tofauti na lililoombwa. Kwa hiyo salio la mwanzo kwenye ratiba mpya lilinganishe na lile la kwenye taarifa ya mkopo, na kila shilingi iliyozidi waombe waitaje jina. Uliza pia mkopo utaandikwaje kwenye taasisi za taarifa za wakopaji, kwani mkopo uliopangwa upya huonekana na unaweza kukuchelewesha ukitaka mkopo mwingine karibuni.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni muda tu, na hapo unarudi na ile miezi 24. Wakikaa kimya, andika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza, ukiambatisha nakala yenye muhuri. Yasipotatuliwa hapo, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, nalo jambo la kwanza litakalouliza ni kama ulianzia kwa benki yako na ushahidi wake uko wapi.